Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi

Arlène alikuwa na vidole vya kasi na ulimi wa taratibu. Vidole vilimlisha, ulimi ulimponza mara kwa mara, si kwa kusema vibaya bali kwa kutosema. Alizaliwa Lubumbashi katika nyumba ya mabinti watano, akajifunza kusuka kwenye vichwa vya dada zake, na katika nyumba ile mtoto mwema alikuwa yule anayeitikia kabla hajaulizwa mara ya pili. Tabia hiyo alivuka nayo mipaka yote mpaka Johannesburg, pamoja na kitana cha mkia na namba ya simu ya shangazi.

Sasa alisukia Rosettenville, saluni ya Maman Brigitte, kati ya duka la mikate la Wareno na fundi wa simu. Hakuwa mwajiriwa pale. Alikodi kiti. Kodi ya kiti ililipwa kila Ijumaa, mteja awe amekuja au hakuja, kwa hiyo kichwa alichokisuka kilikuwa chake na kichwa kilichompita kilikuwa hasara yake. Mumewe, Parfait, alikuwa mlinzi wa ghala moja kule Bertrams. Aliondoka kabla jua halijachomoza na kurudi taa za barabarani zimeshawaka. Mtoto wao mmoja, Shekinah, alikuwa darasa la kwanza katika shule ndogo ya Turffontein, iliyojengwa nyuma ya kanisa.

Maisha yao yote yalisimama juu ya chumba kimoja cha shule ile. Masomo yaliisha saa saba na nusu mchana, na saa hizo mteja wa Arlène huwa amesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama kama majani baada ya upepo. Watoto wa watu wa aina yake walibaki katika chumba cha mchana. Walikula, wakafanya kazi za nyumbani, wakalala kidogo, mpaka wazazi walipowafuata saa kumi na moja na nusu. Mwezi wa kumi na moja mvua ya mawe ilipiga kusini mwa jiji. Ilivunja vioo vya magari, ikachubua miti, na paa la chumba cha mchana ikalitoboa kama chujio. Shule ilipofunguliwa Januari watoto wakahamishiwa kwenye ukumbi mwembamba wa jikoni, mikeka imegusana, miguu ya huyu kichwani kwa yule.

Mwalimu mkuu, Bwana François, mtu wa Bukavu aliyekuwa hapendi kuzungusha habari, aliwaambia wazazi waziwazi. Ukumbi ule si mahali pa watoto, nao ndio njia ya kutokea moto ukizuka. Angeuvumilia mpaka mwisho wa muhula wa kwanza. Paa likiwa halijapatikana, chumba cha mchana kitafungwa, na kila mzazi atamfuata mwanawe saa saba na nusu.

Arlène aliwahi kumkalisha Shekinah saluni siku tatu, mtoto alipougua tetekuwanga na kupona nusu. Siku ya tatu Maman Brigitte, kwa sauti ya upole kabisa, alimwambia kwamba saluni ina dawa za kunyoosha nywele, ina pasi za moto, na haina leseni ya chekechea. Alikuwa na haki. Basi chumba cha mchana kikifungwa, Arlène angebaki na asubuhi tu, na asubuhi peke yake hailipi kodi ya kiti.

Ndiyo sababu alikwenda kwenye kikao cha wazazi, jambo ambalo kwa kawaida alilikwepa.

Kamati ilikuwa na watu sita, lakini walioibeba walikuwa wawili, wote Wakenya. Mwenyekiti, Bramwel, alifundisha chuo kikuu na alizungumza kana kwamba kila mtu anaandika anachosema. Mweka hazina, Mwende, alifanya kazi benki. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kucheka haraka, na alipofungua kompyuta yake uliona mara moja kwamba yule ndiye atakayeifanya kazi.

Mwende alieleza mpango hatua kwa hatua. Fundi wa paa ametaja randi elfu thelathini na sita, bati na mbao na ujira. Shule haina. Kwa hiyo wafanye harambee uwanjani: sahani za chakula zitauzwa, na wageni wataahidi michango hadharani. Alikuwa amekwisha kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, fedha wanayoitafuta na fedha itakayotumika kuitafuta. Hema na viti vya kukodi, chakula, gesi, spika, sahani, maji ya kunywa, na akiba ya sehemu moja kwa kumi kwa ajili ya lisilotarajiwa. Jumla ya matumizi ilikuwa kama elfu kumi na nne, na zaidi ya nusu ilikuwa hema na viti.

Kisha ikaja tarehe. Bramwel alisema Jumamosi ya mwisho wa Februari, tarehe ishirini na nane. Mishahara huingia kuanzia tarehe ishirini na tano. Mtu huchanga mfuko ukiwa mzito. Katikati ya mwezi utapata makofi na hadithi. Watu wakacheka, wakakubali. Hoja ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeona tundu ndani yake.

Arlène aliliona. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ambayo Rosettenville yote huamka na nywele za mwezi mzima. Watu wamelipwa, wanataka kusukwa, kushonewa, kununua. Siku hiyo moja humpa Arlène kodi ya chumba. Alifungua mdomo. Wakati huo Mwende akamgeukia kwa tabasamu na kusema kwamba kazi ya kutafuta watu wa kujitolea inamfaa Mama Shekinah, kwa kuwa anajuana na wote. Watu ishirini wangetosha: wapishi, wa kugawa chakula, wa kupanga viti, wa mlangoni, wa kusafisha.

"Unaweza, Mama Shekinah?"

"Ndiyo," akasema Arlène.

Majina ishirini aliyapata kabla ya wiki kwisha, na urahisi huo ungepaswa kumshtua. Aliwauliza wasusi wenzake, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, wamama wauza vitenge, walinzi wawili. Kila mmoja alisema atakuja. Kwao kumjibu hapana mtu anayekuomba kwa ajili ya watoto ni kama kumfungia mlango usoni. Unaitikia kwanza, siku ikifika mtaona. Anayeomba anajua hivyo, anayeombwa anajua kwamba anajua, na urafiki unasonga mbele bila kujikwaa. Desturi hii haina ubaya, ila haiwezi kuingizwa kwenye kompyuta ya Mwende, ambayo ilikuwa na safu mbili tu, ndiyo na hapana.

Mwende akayapokea majina kwa furaha. Akatengeneza orodha ya kazi, kila kazi na mtu mmoja anayeijibia, na ratiba aliyoianzia kwenye siku ya harambee akirudi nyuma: siku mbili kabla, kununua mboga, wiki moja kabla, kuhesabu sahani zilizolipiwa, wiki mbili kabla, kulipa hema. Aliitundika shuleni karibu na mlango, karatasi kubwa yenye rangi. Kila jioni Arlène alipomfuata mwanawe aliliona jina lake juu ya majina ishirini, na kila jioni alilipita haraka kidogo.

Ilipokaribia siku ya kulipia hema, simu za saluni zilianza. Ilikuwa Jumatano tulivu, wasusi wanne wamekaa vitini mwao wenyewe. Gaëlle, aliyekodi kiti cha karibu na dirisha, aliitikia simu na kumpangia mteja Jumamosi ile saa tatu asubuhi, rasta ndogo za kufika kiunoni. Kazi ya saa saba. Kwenye karatasi ya Mwende, saa tatu asubuhi Gaëlle alikuwa anamenya vitunguu.

"Na shule, Gaëlle?" Arlène akauliza.

"Shule? Nitakwenda, dada Arlène. Si nilikuambia nitakwenda?"

"Saa ngapi?"

"Nikimaliza."

"Utamaliza saa kumi."

"Basi saa kumi. Chakula kitakuwa bado kipo, hein?"

Wengine wakacheka, na mmoja wao, ambaye kwenye karatasi alikuwa mkuu wa sufuria, akamwomba Gaëlle amwekee sahani. Arlène naye alicheka. Kisha simu yake ikaita. Alikuwa mteja wake wa miaka mingi, mwanamke wa Bertrams ambaye dadake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi. Alitaka asukwe yeye na mabinti wawili, Jumamosi, tangu asubuhi. Arlène alisikia sauti yake mwenyewe ikisema ndiyo, karibu. Akakata simu, akabaki ameishika. Hata kiongozi wa watu ishirini hatakuwapo.

Mchana ule alipita kwa kila mtu aliyemwandika, akauliza swali tofauti. Hakuuliza kama watakuja. Aliuliza Jumamosi hiyo saa tatu asubuhi watakuwa wapi. Fundi cherehani atakuwa na suti ya bwana harusi. Wauza vitenge watakuwa sokoni. Walinzi watakuwa zamu. Walijibu bila haya, kwa sababu safari hii hakuna aliyekuwa anaombwa kitu. Katika ishirini walibaki wawili: mama mmoja mjane aliyekuwa hafanyi kazi, na Salum, Mtanzania mwuza viazi, aliyesema yeye hana bosi isipokuwa viazi vyenyewe.

Jioni Mwende akapiga simu. Kesho asubuhi analipa hema. Mwenye hema harudishi fedha wakighairi, kwa hiyo anataka neno la mwisho: watu wapo?

Arlène alikuwa amesimama nje ya geti la shule, mkoba wa Shekinah begani. Mtoto alikuwa anaruka vigae vya njia, hiki anakikanyaga, kile anakiacha. Kusema wapo kungempa usiku mmoja tu wa amani. Hema lingelipwa, Jumamosi ingefika, sufuria zingekaa tupu, na baada ya hapo hakuna mtu shuleni ambaye angemwamini tena mzazi wa chumba cha mchana akiomba chochote.

"Mama Mwende, usilipe," akasema. "Watu wangu hawatakuja."

Mwende akamwambia asiondoke pale, yuko njiani kutoka kazini.

Alifika na viatu vya ofisini na uso uliojikaza. Walikaa kwenye kibaraza cha kanisa, Shekinah akapewa biskuti. Arlène akaeleza yote, habari za kiti na Ijumaa, habari za Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na jinsi watu wanavyoitikia.

"Mbona hukusema siku ile kwenye kikao?"

"Mlikuwa mmefurahi. Mi nikaona nitaharibu."

"Sasa hujaharibu? Nimetangaza kwa watu, nimechapisha karatasi. Bramwel amealika mpaka bosi wake."

"Nimeharibu," Arlène akakubali. "Lakini hema hujalipa."

Mwende alimwangalia. Alikuwa amekasirika kweli, na hakuificha hasira yake; kwa Arlène jambo hilo lilikuwa geni na kwa namna fulani lilimpumzisha. Mtu anayekukasirikia mbele yako hatakusema nyuma yako. Kisha Mwende akafungua kompyuta magotini, akaanza kushuka kwenye majina ishirini akiuliza kazi ya kila mmoja. Alipofika chini akapanda tena mpaka juu. Halafu akasema polepole kwamba katika orodha ile hakuna hata jina moja la mtu wa benki wala wa chuo. Marafiki zake wote ameandika kama wageni. Wenye Jumamosi huru ndio watakaokaa na kula. Wasio nayo ndio watakaopika.

"Na hukuniambia," akasema tena, ila safari hii kama anayejiambia mwenyewe pia.

Kuhamisha siku hakukuwa jambo la kutamka tu. Wiki mbili mbele mifuko ingekuwa imetoboka; wiki mbili nyuma hakukuwa na muda. Ikabaki Jumapili, siku ya pili yake, tarehe mosi Machi, fedha ya mwezi bado ikiwa na joto. Mwende alipinga mara moja: Jumapili uwanja ni wa kanisa. Arlène akamweleza kwamba ibada huisha saa saba, na ikiisha, watu wapo tayari, viti vipo tayari, spika ziko tayari. Yeye husali pale, na mchungaji ni mtu wa kuombwa. Mwende akafuta mstari wa hema na viti. Matumizi yakashuka karibu nusu. Aliiangalia ile tarakimu mpya kwa muda, kama mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani.

Lakini akaongeza mstari ambao haukuwapo: nauli na chakula cha wanaojitolea. Mtu aliyesimama jikoni tangu asubuhi, akasema, asirudi nyumbani kwa miguu akiwa na njaa halafu tumwite tena mwakani.

Mchungaji alikubali. Kilichobaki kilikuwa kwa Maman Brigitte. Watu wa kupika walipaswa kununua na kukatakata Jumamosi, hata kama harambee ni Jumapili, na Arlène alitaka aachiwe wasusi wawili, wale ambao Maman Brigitte aliwaajiri mwenyewe, tangu saa nane. Maman Brigitte alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mgumu wa hesabu; alikuwa ameanza na meza ya nywele za bandia kando ya njia, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa kitu bila kukitazama kikiondoka. Alimsikiliza Arlène mpaka mwisho huku akikunja taulo.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaniomba wasusi."

"Wawili tu, Maman. Tangu saa nane."

"Ungeniomba figo ingekuwa rahisi." Akakunja taulo jingine. "Ninyi mnatafuta fedha, si vile? Sasa kwa nini mnatoa watu mahali penye fedha mnawapeleka kumenya vitunguu? Niombe kiti."

Arlène hakuelewa.

"Kile cha katikati, hakina mtu tangu Exaucé aende Cape Town. Siku hiyo sitaki kodi yake. Kila msusi akimaliza kichwa chake, anasuka kimoja pale. Fedha ya kiti kile ni ya paa. Wateja waambiwe tangu mlangoni. Na vitunguu wamenye hao wa benki. Wana mikono, hein?"

Alilisema bila kutabasamu, akaondoka na taulo zake. Arlène alimpigia Mwende simu palepale. Mwende alicheka sana, halafu akauliza nani atazishika fedha za kiti. Wawili, wakakubaliana, si mmoja; watazihesabu pamoja jioni ikifika na kutia sahihi wote. Siyo kwa kutomwamini mtu, Mwende alisema. Ni ili atakayeulizwa kesho asiwe peke yake.

Karatasi kubwa mlangoni ikabanduliwa, ikatundikwa nyingine. Safari hii kazi zilikatwa kwa zamu fupi, na kila zamu ilikuwa na jina la mtu wa akiba. Arlène alimpigia kila mmoja na kumuuliza lile swali la pili: saa fulani utakuwa wapi? Aliyejibu yuko mahali pengine hakuandikwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na iliuma, kwa sababu baadhi ya watu walihisi wanafukuzwa. Fundi cherehani alimnunia siku mbili. Lakini wafanyakazi wenzake Mwende waliandikwa kumenya na kukata Jumamosi, saluni nyingine tatu za barabara ile ziliposikia habari za kiti zikataka kuwa na vyao, na Bramwel, baada ya hotuba fupi kuhusu umuhimu wa kubadilika, akakubali kumwambia bosi wake kwamba ni Jumapili.

Jumamosi ilikwenda kama Jumamosi za mwisho wa mwezi zinavyokwenda. Arlène alisuka mabinti wa harusi mpaka viungo vya vidole vikamwaka, na alipomaliza akahamia kiti cha katikati, kilichofungwa utepe, akasuka kichwa cha mwanamke wa Kizulu aliyetaka kujua utepe ule ni wa nini. Alipoambiwa, akasema eish, yeye pia ana mtoto anayetoka saa saba na nusu, akaacha chenji.

Jumapili ndipo mambo yalipogeuka kidogo. Ibada ilichelewa kwisha. Roho alishuka, alivyosema mchungaji, na Roho hana saa. Wageni wa Mwende na Bramwel wao walifika saa tisa kamili kama walivyoandikiwa, magari yao yakajaza barabara, nao wakakuta uwanja mtupu, sufuria za bukari, ugali wa Kikongo, na za sombe, mboga ya majani ya muhogo, zimefunikwa, na Salum peke yake akipuliza moto wa viazi. Zamu ya kwanza ya kugawa chakula ilikuwa bado ndani ya kanisa inaimba.

Arlène alitoka kwaya ikiwa bado inaimba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Mlangoni alimkuta Mwende amevaa gauni la hariri, ameshika karatasi ya zamu, macho yamemtoka.

"Wako wapi?"

"Ndani. Watatoka baada ya nusu saa. Si kwamba hawaji, wako hapa kabisa, lakini wimbo haukatwi."

"Na hawa nitawafanya nini?"

Arlène aliwatazama wageni, mabwana wa mashati meupe na mabibi wa viatu virefu, wamesimama kwa adabu kama watu wa mazishi ya jirani. Ulimi wake ulikuwa mzito kama kawaida. Akaulazimisha.

"Wape aproni," akasema. "Wale wanne pale. Mwambie Bwana Bramwel ashike sombe, na bosi wake bukari."

"Bosi wake?"

"Yeye ana mikono mirefu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba waumini walipomiminika nje, wanajifuta jasho, wamefurahi, wana njaa, walihudumiwa na watu wa mahesabu na wa chuo. Bosi wa Bramwel aligawa bukari vibaya sana, tonge za ukubwa wa kichwa cha mtoto, na kila aliyepokea kwake alishukuru kwa sauti na kurudi tena. Bramwel alikuwa na mchuzi kwenye tai. Watu wakamtania kwamba sasa wamejua Kenya imeleta wapishi. Gaëlle alipofika kushika zamu yake, mgeni mmoja wa benki alikataa kumpa upawa, akasema bado hajachoka. Ahadi zilipoanza kutangazwa, watu walikuwa wameshazoeana kwa namna ambayo mwenyekiti yeyote asingeweza kuipanga. Mlinzi mmoja aliahidi randi hamsini na kupigiwa vigelegele virefu kuliko yeyote, na baada yake ikawa aibu kwa mwenye gari kutaja chini ya mara kumi ya hizo.

Jioni walihesabu watatu, Mwende, Arlène na Bwana François, katika ofisi ya shule, mlango ukiwa wazi. Chakula kilikuwa kimejilipa na kubakisha faida. Viti vya saluni vilileta zaidi ya walivyotegemea, ahadi zilizolipwa papo hapo zilileta nyingi, na ahadi za maneno Mwende aliziweka kando, hakuzijumlisha. Alisema ahadi ni deni, lakini deni la mwingine si fedha yako mpaka likufikie. Wakatoa matumizi mengine. Ikabaki elfu ishirini na nane na kidogo. Ya paa ilikuwa thelathini na sita.

Arlène aliitazama namba ile. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele na vitunguu pamoja. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, na yeye alijua kimya kile. Alikuwa amekaa ndani yake maisha yake yote, akingoja mwingine aseme.

"Bwana François," akasema. "Elfu nane zinazokosekana, ni za nini? Bati au ujira?"

Mwalimu mkuu akavuta karatasi ya fundi. Bati na mbao zilikuwa elfu ishirini na nne. Zilizobaki zilikuwa ujira.

"Basi vifaa tunavyo, na ujira tunaweza kuuanza. Uliza fundi kama atakubali kulipwa mara mbili. Na useme leo, tafadhali, chumba cha mchana kinafungwa au hakifungwi. Nina wateja kesho. Nahitaji kujua niwaambie nini."

Mwende akamtazama kwa pembe ya jicho, hakuingilia. Bwana François alikuna kidevu. Alikuwa mtu asiyetoa neno asiloweza kulilinda. Alimpigia fundi palepale, wakabishana kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa namba tupu. Alipokata simu akasema fundi anaanza Jumatano. Theluthi ya ujira sasa, iliyobaki mwisho wa Machi, ahadi zikiwa zimekusanywa. Na anayekusanya ahadi, akamwangalia Arlène, ni nani?

"Mimi na Mama Mwende," akasema Arlène. "Wawili."

"Basi chumba hakifungwi."

Jumatatu mvua ndogo ilinyesha asubuhi, barabara ya Rosettenville ikanuka lami na mikate. Saa sita mchana aliingia mwanamke kijana mwenye mfuko wa nywele za bandia, akauliza kwa wasiwasi kama kuna mtu anaweza kuanza sasa hivi kazi ndefu, rasta nyembamba, za mgongoni kabisa. Alishakataliwa saluni mbili. Masomo yakiisha, kule Turffontein watoto wangebanana tena kwenye ukumbi wa jikoni, kwa siku chache zilizobaki. Arlène alikung'uta kiti chake kwa taulo.

"Kaa," akasema. "Tutamaliza saa kumi na moja."